Zambia walifuta sifuri tatu 2013. Deni la kwacha milioni 10 la mwaka 2011 linalipwaje leo?

#1 Mpakani_Tunduma
Wakuu, salaam. Nina jambo la familia nataka mawazo yenu kabla hatujagombana zaidi.

Oktoba 2011 marehemu mzee alimkopesha mfanyabiashara wa Nakonde, upande wa Zambia, gunia 25 za mchele. Karatasi ninayo, imeandikwa kwa mkono na ina sahihi zao wote wawili pamoja na shahidi mmoja: gunia 25, kila gunia kwacha 480,000, jumla kwacha 12,000,000. Machi 2012 alilipa milioni 2, ikaandikwa nyuma ya karatasi. Ikabaki milioni 10. Mzee akaugua, mambo yakasimama.

Mwezi uliopita nimemtembelea huyo mdaiwa. Mtu mzima sasa, mstaarabu, hakatai deni. Tatizo ni kwamba anasema atalipa kwacha 10,000, basi. Kaka yangu amewaka. Anasema karatasi imeandikwa milioni 10, alipe milioni 10. Mimi najua walifuta sifuri, ila nikipiga hesabu kwa shilingi ya leo naona kwacha 10,000 ni kama milioni moja tu, na mchele ule haukuwa wa milioni moja.

Nani yuko sahihi?

#2 Nyundo255
Mmepigwa mchana kweupe. Hizi habari za kufuta sifuri siku zote nasema ni wizi wa kitaalamu. Unalala una milioni kumi, unaamka una elfu kumi. Kaka yako asimame hapo hapo kwenye maandishi.

#3 MamaMchele
Nyundo punguza munkari. Mimi nilikuwa Tunduma mwaka ule, nauza mchele huo huo. Bei nazo zililala na sifuri tatu zikaamka bila sifuri tatu. Gunia la laki nne na themanini likawa kwacha 480. Sasa kilichoibwa hapo ni nini?

@Mpakani_Tunduma pole kwa msiba. Ile karatasi imetaja aina ya mchele?

#4 Mpakani_Tunduma
@MamaMchele ahsante. Imeandikwa "mchele wa Kyela gunia 25" tu. Uzito haukutajwa.

#5 Mhasibu_Ndola
Nilikuwa nafanya hesabu za kampuni ya usafirishaji Ndola wakati wa zoezi lile, kwa hiyo niliguswa kila siku. Nianze na swali lenyewe.

Mdaiwa yuko sahihi kwenye tarakimu. Bunge la Zambia lilipitisha sheria mwaka 2012, na kuanzia tarehe 1 Januari 2013 kila kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya. Haikuhusu noti za mfukoni pekee. Mshahara, kodi ya nyumba, salio la benki, hukumu ya mahakama, hati ya deni, popote palipoandikwa kwacha kabla ya siku hiyo panasomwa kwa kugawa kwa 1,000. Hakuna aliyelazimika kuandika mkataba upya wala kuomba idhini ya upande wa pili. Karatasi ya marehemu ya 2011 ni ya kwacha za zamani, kwa hiyo milioni 10 yake ni kwacha 10,000.

Kilichobadilika ni kipimo, kama mtu aliyekuwa anapima kitambaa kwa milimita akaanza kutumia mita. Asilimia za riba hazikuguswa. Idadi ya magunia na tarehe za kulipa zilibaki vilevile.

Na kaka aangalie anachodai. Milioni 10 za kwacha mpya, kwa kiwango cha shilingi mia kwa kwacha alichotumia mleta mada, ni kama shilingi bilioni moja. Kwa gunia 25 za mchele.

#6 Nyundo255
Sawa, bilioni ni nyingi, hilo nakubali. Lakini swali la mleta mada hujalijibu. Kama ni kipimo tu, mbona mchele wa mamilioni umekuwa wa milioni moja? Mita na milimita hazifanyi hivyo.

#7 Mhasibu_Ndola
Hapo sasa umegusa penyewe. Tukate vipande viwili.

Kipande cha kwanza ni siku yenyewe ya kubadilisha. Mwishoni mwa 2012 dola moja ilikuwa kwacha 5,200 hivi za zamani. Januari 2013 ikawa kwacha 5.2. Shilingi yetu ilikuwa kama 1,590 kwa dola. Ukigawanya, kwacha 1,000 za zamani zilikuwa kama shilingi 305, na kwacha 1 mpya ikawa shilingi 305 hizo hizo. Deni la milioni 10 lilikuwa la shilingi milioni 3 na kidogo tarehe 31 Desemba, na tarehe 1 Januari lilikuwa milioni 3 na kidogo. Siku ile hakupotea mtu senti.

Kipande cha pili ni miaka iliyofuata. Mwaka 2015 bei ya shaba ilianguka, umeme ukawa wa mgao, kwacha ikaporomoka vibaya. Kufikia 2020 na 2021 dola ilishapita kwacha 20. Shilingi nayo ilishuka, ila kwa mwendo wa polepole. Ndiyo maana kwacha iliyokuwa shilingi 300 sasa ni 100 hivi. Theluthi mbili ya deni la mzee imeliwa na miaka hiyo, na ingeliwa vilevile hata kama sifuri zote zingebaki mahali pake. Leo angekulipa milioni 10 za zamani, na dola ingekuwa kwacha elfu ishirini na kitu.

#8 Kamaa_Ruiru
Niaje wakubwa. Hii si ni kama ile kitu Kenya tulifanya 2019? Ile noti ya elfu moja ya zamani ilitolewa, ukikaa nayo mpaka Septemba 30 imekula kwako. Jamaa wengi walipoteza pesa.

#9 MamaMchele
@Kamaa_Ruiru nyie mlibadilisha sura ya noti. Elfu moja ilibaki elfu moja, mkate ukabaki bei ile ile. Zambia walibadilisha hesabu yenyewe na noti kwa pamoja. Mnapofanana ni kwenye tarehe ya mwisho tu.

#10 Kamaa_Ruiru
Sawa mama. Lakini hiyo tarehe ya mwisho ndiyo huumiza watu wa mashinani, mjue.

#11 MamaMchele
Hilo la tarehe ya mwisho ni kweli kabisa, na tulioumia wengine tulikuwa upande huu wa mpaka.

Kuanzia Januari hadi Juni 30, 2013 pesa zote mbili zilitumika pamoja. Dukani Nakonde unakuta bei mbili zimeandikwa, ya zamani na mpya, na mpya waliiwekea herufi KR ili watu wasichanganye. Unatoa noti ya zamani ya 50,000 unarudishiwa chenji mchanganyiko. Mwanzoni kichwa kinauma, baada ya wiki kadhaa mkono unazoea.

Shida kubwa ilikuwa noti ndogo za zamani. Kulikuwa na noti ya zamani ya kwacha 50 na ya 100. Ile ya 100 ya zamani ilikuwa sawa na ngwee 10 tu, yaani senti 10 za kwacha, haifiki hata kwacha moja mpya. Vijana wajanja wakawa wanazichomeka katikati ya bunda la mia mpya, hasa jioni. Mgeni anaona "100" anapokea. Dada mmoja jirani yangu kwenye meza za kubadilishia hela alipata bunda la namna hiyo, akalia. Sisi tulijifunza kutoa kila noti na kusoma mwaka. Za zamani zina miaka ya nyuma, mpya zinaanzia 2012. Na noti kubwa za zamani zimeandikwa neno la elfu kwa maandishi, mpya hazina.

#12 Bibi_Harusi_Mbozi
Uzi mzuri. Samahani nitoke kidogo nje, nina kwacha 50,000 ya Malawi nimerudi nayo kutoka Karonga, naigawa na 1,000 au inabaki hivyo?

#13 Nyundo255
Dada usigawe utakufa njaa 😂

#14 MamaMchele
Malawi ni kwacha nyingine kabisa, mpenzi. Wao hawakufuta sifuri. Hamsini elfu yako ni hamsini elfu, kabadilishe Kasumulu.

#15 Mzee_wa_Mutukula
Vijana, mnazungumza mambo ya juzi. Mhasibu ameeleza vizuri, lakini asimfanye Nyundo aonekane hana hoja. Wizi anaousema upo, na mimi nimeuona.

Mei 1987 Uganda ya Museveni, mwaka mmoja na ushee baada ya kuingia madarakani, walifuta sifuri mbili. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya. Kama wangeishia hapo, ingekuwa hayo hayo ya mita na milimita. Lakini papo hapo waliweka kodi ya ubadilishaji ya asilimia 30. Unapeleka shilingi 10,000 za zamani, hesabu ni 100 mpya, unapewa 70. Salio la benki nalo lilikatwa vivyo hivyo. Na wakati huo huo walishusha thamani ya shilingi, dola iliyokuwa 1,400 za zamani ikawa 60 mpya, maana yake 6,000 za zamani.

Ami yangu alikuwa anauza samaki kutoka upande wetu kwenda Masaka. Pesa yake yote ilikuwa shilingi za Uganda, kwenye debe. Mwenzake alikuwa na mzigo wa bidhaa ghalani na pesa kidogo. Yule wa mzigo hakukatwa kitu. Ami alikatwa asilimia 30 na akabaki na hela iliyoshushwa. Toka siku hiyo hakuweka fedha ya upande ule hata wiki moja, alikuwa ananunua chumvi au sabuni jioni ile ile.

Kwa hiyo ukisikia nchi inafuta sifuri, uliza swali moja kwanza: wanagawa tu, au wanagawa na kukata?

#16 Nyundo255
Shikamoo mzee. Ndicho nilichokuwa nasema.

#17 Mhasibu_Ndola
Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe moja kwa moja. Zambia hawakukata. Ulipeleka milioni moja ukatoka na elfu moja, bila kodi ya kubadilisha. Ndiyo maana siwezi kuziweka nchi hizi mbili kapu moja.

Na kuna sababu nyingine zilitofautiana. Uganda ya 1987 ilikuwa inatoka vitani na bei zinakimbia. Zambia walifanya zoezi wakati mfumuko wa bei umeshatulia, uko kwenye asilimia saba hivi kwa mwaka. Zile sifuri zilikuwa kovu la miaka ya tisini, ambapo sarafu za ngwee zilipotea kabisa mitaani kwa kukosa kazi. 2013 ndipo sarafu zikarudi: ngwee 5, 10, 50 na kwacha 1.

#18 Mwana_Lushi
Jambo bandugu. Niko Lubumbashi, nawasoma kila siku.

Huku kwetu tulifuta sifuri mpaka tukachoka. Oktoba 1993, wakati wa Mobutu, zaire milioni 3 za zamani zikawa zaire mpya 1. Watu wa majimbo ya Kasai wakakataa. Kasai zote mbili waliendelea na zaire za zamani, mpya hawakuitaka, kwa hiyo nchi moja ikawa na falanga mbili. Na sikilizeni ajabu yake: zile za zamani za Kasai zilishikilia thamani kuliko zile mpya, kwa sababu za zamani hazikuwa zinachapwa tena na mpya zilichapwa mchana na usiku.

Juni 1998, chini ya Kabila mzee, zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Pigeni hesabu, faranga moja ya 1998 ni zaire bilioni 300 za kabla ya 1993. Mtu aliyeweka akiba benki mwaka 1990 na kuiacha, hata sarafu ya kumpa haikuwepo.

Mhasibu anasema kufuta sifuri hakuibi. Ni kweli. Lakini kwetu sifuri zilirudi kwa sababu mashine ya kuchapa haikusimama.

#19 Kamaa_Ruiru
Bilioni 300?? Hapo nimeshika kichwa.

#20 Fundi_Mifumo
Mimi nitazungumzia kwenye kompyuta, maana huko ndiko "kugawa tu" kulikuwa kazi. Nilisaidia taasisi moja ndogo ya mikopo upande wa Copperbelt, sitaitaja.

Salio la mteja likigawanywa kwa 1,000, basi kila kitu kinachomhusu lazima kigawanywe usiku ule ule: deni lililobaki, rejesho la mwezi, kiwango cha juu cha kutoa kwa siku, adhabu ya kuchelewa, maagizo ya kukata kila mwezi. Sisi salio lilibadilishwa, maagizo ya kukata yakasahauliwa. Asubuhi ya makato ya kwanza mfumo ukawa unajaribu kumkata mtu kwacha 500,000 mpya badala ya 500. Kilichotuokoa ni kwamba hakuna aliyekuwa nazo. Foleni nzima ilijibu "salio halitoshi", mia kwa mia. Ukiona makato yote yamekataliwa siku moja, jua kuna upande haujagawanywa.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halipigi kelele, nalo ni kugawa mara mbili. Faili moja lilikatika katikati, mtu akaliendesha tena kutoka mwanzo. Nusu ya wateja deni lao likawa dogo mara elfu. Mteja aliyepunguziwa deni hapigi simu kulalamika. Tulilikamata kwa kujumlisha: jumla ya madeni ya zamani ikigawanywa kwa 1,000 lazima iwe sawa na jumla ya madeni mapya. Haikuwa sawa.

Baada ya hapo kila kiasi tulikiwekea alama ya fedha yake pembeni. Ya zamani ni ZMK, mpya ni ZMW. Namba isiyo na alama haiguswi.

#21 Hoja_Kisheria
Nimefuatilia. Nimjibu mleta mada kwa upande wa madai, maana tarakimu zimeshaelezwa.

Usihangaike na milioni 10 au elfu 10, hapo kaka yako hatashinda popote. Hangaika na muda. Zambia na Tanzania zote, madai ya mkataba wa kawaida yana ukomo wa miaka 6. Malipo ya mwisho ni Machi 2012, yaliyoandikwa nyuma ya karatasi. Miaka 6 ilishapita 2018. Mdaiwa mkorofi angekwambia hivyo na ungerudi mikono mitupu. Wa kwako anakubali deni, hiyo ni bahati kubwa.

Kwa hiyo cha kwanza, mwandikie karatasi mpya aweke sahihi: anakiri deni la kwacha 10,000 zinazotumika sasa, zilizotokana na kwacha 10,000,000 za zamani za karatasi ya Oktoba 2011. Taja zote mbili ili mtu asije akagawa tena kwa 1,000. Je, kukiri baada ya muda kuisha kunafufua haki ya kushtaki? Hapo usichanganye sheria za nchi mbili, muulize wakili wa upande utakaoshtakia.

#22 Mpakani_Tunduma
@Hoja_Kisheria hilo la ukomo sikulijua kabisa, ahsante sana. Ila bado moyo unaniuma. Gunia 25 za mchele wa Kyela leo huwezi kuzipata kwa shilingi milioni moja, hata robo yake hupati. Hakuna njia ya kudai thamani?

#23 Hoja_Kisheria
Kisheria, karatasi inasema kwacha. Haisemi mchele urudishwe, haisemi riba, haisemi dola. Deni la fedha linalipwa kwa tarakimu yake. Riba ya kuchelewesha mahakama inaweza kutoa, ila kwanza uwe na kesi hai, na nimeshakwambia ukomo.

#24 MamaMchele
Mimi sikubaliani na Mwanasheria kwenye hili, siyo kwa sheria bali kwa desturi ya mpakani. Karatasi imetaja gunia 25 na bei ya kila gunia. Alishalipa milioni 2, hizo ni gunia nne na kidogo. Zimebaki gunia 20 na kitu. Sisi wafanyabiashara tukikaa na mtu mwenye utu, tunazungumza magunia. Hatoi 20, lakini hatatoa pia thamani ya gunia tatu. Mnakutana katikati. Nimesuluhisha madeni ya namna hiyo, na watu waliendelea kuuziana.

#25 Mhasibu_Ndola
MamaMchele yuko sawa kama mdaiwa anataka. Angalia tu usimpandishe akakataa kabisa.

Niongeze kitu kuhusu mikataba, maana nilikiona mara nyingi. Waliokuwa na mikataba ya dola hawakuguswa na kufuta sifuri. Lakini Mei 2012, kabla ya zoezi, serikali ya Rais Sata ilitoa amri ya kukataza kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni, nyumba nyingi za kupanga zikahamishwa kutoka dola kwenda kwacha. Amri ilifutwa 2014. Mwenye nyumba aliyebaki na mkataba mrefu wa kwacha mpaka 2015 aliumia sana, na mpaka leo atakwambia aliumizwa na sifuri. Ukiangalia tarehe utaona sivyo.

#26 Nyundo255
Bado sijashawishika. Kama kugawa hakumuumizi mtu, mbona wanaolalamika bei kupanda baada ya kufuta sifuri ni wengi kila nchi? Wote wamekosea?

#27 Mhasibu_Ndola
Hawajakosea wote. Kuna mahali pa kuumia, ni kwenye kukamilisha desimali.

Nikupe mfano wa kazi yangu. Tuseme bei ya kusafirisha ni kwacha 85 za zamani kwa kilo. Mpya ni 0.085, yaani ngwee 8 na nusu. Hakuna sarafu ya hivyo. Mzigo ni kilo 30,000. Njia sahihi: acha bei kama ilivyo, zidisha kwanza, unapata kwacha 2,550, hapo ndipo unakamilisha ikibidi. Sasa mtu anakamilisha bei ya kilo kwanza, anaandika ngwee 9 kwa sababu inaonekana nadhifu. Jumla inakuwa 2,700. Akiandika ngwee 10, inakuwa 3,000. Kwacha 450 zaidi kwa gari moja, na kwenye karatasi inaonekana ni ngwee moja na nusu tu.

Kwa hiyo mwenye mkataba wa bei ya kilo, ya dakika au ya kipande, asaini bei yenye desimali zote, na ukamilishaji ufanyike kwenye jumla.

#28 MamaMchele
Na sokoni ilikuwa hivyo. Fungu la mboga la 1,250 likatakiwa liwe kwacha 1 na ngwee 25. Sarafu za ngwee zilikuwa adimu Nakonde miezi ya mwanzo. Muuzaji hana chenji, anasema kwacha moja na nusu. Siyo kwamba ni mwizi, hana cha kukurudishia. Akishauza wiki mbili kwa bei hiyo haishuki tena.

#29 Nyundo255
Haya sasa mmekubali kuwa bei zilipanda.

#30 Mhasibu_Ndola
Za vitu vidogo, ndiyo. Gunia la mahindi au mshahara huwezi kukamilisha kwa ngwee 25 ukaona tofauti. Na takwimu za mfumuko wa bei wa 2013 zilibaki kwenye asilimia saba ile ile, hazikuruka.

#31 Mzee_wa_Mutukula
Takwimu hupima gunia na fungu kwa pamoja. Anayekula kwa mafungu hana gunia.

#32 Mwana_Lushi
Mzee amesema kweli. Na mimi naona kuna sababu ya tatu: mtu akiona bei ya 3 badala ya 3,000 mkono wake unakuwa mwepesi, na muuzaji anaijua hiyo.

#33 Kijukuu_Sumbawanga
Nimechelewa uzi. Bibi yangu alifariki tukakuta kwenye sanduku noti za kwacha 50,000 ziko kumi na nne. Kwa hesabu zenu ni kwacha 700. Naenda kubadilisha benki gani?

#34 MamaMchele
Pole mjukuu. Matumizi yaliisha Juni 30, 2013, wakaacha muda wa ziada wa kubadilisha kupitia benki, nao ulishafungwa zamani. Bibi angeweka benki Zambia zingegawanywa zenyewe na leo ungezikuta. Za sandukuni zimebaki karatasi. Kuna watu wanakusanya noti za zamani wananunua, ila usitegemee bei.

#35 Kijukuu_Sumbawanga
Daah. Basi nitabaki nazo kama kumbukumbu yake. Ahsante.

#36 Kamaa_Ruiru
Swali kwa watu wa TZ. Mbona nyinyi hamfuti? Chai kwenu ni mamia, nyumba ni mamia ya milioni.

#37 Fundi_Mifumo
Kwa ajili gani? Noti yetu kubwa ni 10,000 na bado inanunua vitu. Kubadilisha kila mashine ya kulipia, kila stakabadhi, kila programu, ni gharama kubwa kwa faida ya kuandika namba fupi.

#38 Mwana_Lushi
Namba fupi siyo jambo dogo, ndugu. Sisi tulikuwa tunabeba falanga kwa mfuko wa rambo.

#39 Nyundo255
BoT wakifuta mimi nahamia kwenye ng'ombe.

#40 Mzee_wa_Mutukula
Ami yangu alihamia kwenye chumvi. Ng'ombe anaumwa.

#41 Mpakani_Tunduma
Mrejesho, wakuu. Nimevuka jana na kaka. Tulianza na karatasi ya kukiri kama Mwanasheria alivyoshauri, tukaandika tarakimu zote mbili, ya zamani na mpya, amesaini na mtoto wake mkubwa ameshuhudia. Baada ya hapo nikaleta hoja ya magunia ya MamaMchele. Amekaa kimya muda, akasema 10,000 atazitoa wiki hii, na msimu wa mavuno ataongeza gunia 6 za mahindi, hiyo ni heshima kwa marehemu na haiandikwi. Kaka bado anasema tumepunjwa. Mimi nimekubali.

Swali dogo la mwisho: ameonyesha kuwa atalipa kwa noti mchanganyiko, za mia za sura ya zamani na hizi mpya za mia tano. Kuna sifuri zimefutwa tena?

#42 MamaMchele
Hapana. Mwaka 2025 Zambia wametoa noti mpya, zikiwemo za 200 na 500, thamani haikubadilika. Mia ni mia. Ila usizikalie hizo za sura ya zamani, zipeleke benki Nakonde kabla hujavuka, waulize pale dirishani mwisho ni lini.

#43 Nyundo255
Na hayo mahindi nayo yaandike, hata kama amesema hayaandikwi.

#44 Hoja_Kisheria
Kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu nakubaliana na Nyundo.